Mzinga si silaha: jinsi ya kuandika barua ya rufaa tangazo lako likifutwa kimakosa

Fundi seremala mmoja wa Isevya, hapa Tabora mjini, alikuja kwangu asubuhi akiwa na simu mkononi. Usiku uliotangulia alikuwa ameweka tangazo la mizinga yake ya nyuki kwenye soko moja la mtandaoni, na kabla hajalala likafutwa. Ujumbe alioachiwa ulikuwa mfupi: bidhaa hii inakiuka kanuni zetu kuhusu silaha, risasi na milipuko. Chini yake palikuwa na onyo kwamba akirudia, akaunti itafungwa.

"Kaka, mimi nachonga mbao," aliniambia. "Silaha nimeitoa wapi?"

Nimekuwa nikiwasaidia wauzaji wa hapa kuandika barua hizi, na kesi yake ndiyo nitakayoifuata mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kosa lililompata linatoka ndani ya lugha yetu wenyewe. Neno "mzinga" ni nyumba ya nyuki, na pia ni silaha nzito ya kivita, ile inayopigwa mara 21 kumpa heshima mkuu wa nchi. Vijana nao huita mzinga chupa kubwa ya pombe kali. Mtu wa Sikonge au Urambo akiona "mzinga unauzwa" hajiulizi mara mbili. Mashine inayosoma tangazo kupitia tafsiri haina bahati hiyo.

Kabla hujaandika chochote

Fundi alikuwa tayari ameshafanya makosa mawili kabla ya kunifikia. La kwanza, aliweka tangazo lile lile upya usiku uleule, akidhani ni mtandao umesumbua. Likafutwa tena, na sasa rekodi yake ikaonyesha makosa mawili badala ya moja. Masoko mengi huhesabu kurudisha tangazo lililofutwa kuwa ni kukwepa kanuni, na hilo ni kosa jipya hata kama kufutwa kwa kwanza hakukuwa halali. Tangazo likishafutwa, usiliweke tena mpaka rufaa ijibiwe. Usifungue akaunti nyingine, wala usiazime ya shemeji.

La pili nitalieleza mbele kidogo. Kwanza kusanya ushahidi, kwa sababu baadhi ya kurasa hutoweka baada ya siku chache. Piga picha ya skrini ya ujumbe wa kufutwa, ikionyesha tarehe na jina la kanuni. Nakili namba ya tangazo. Nakili maneno yote ya tangazo kama yalivyokuwa, neno kwa neno, hata yale yenye makosa ya tahajia. Hifadhi picha ulizotumia, zilezile, kwa mpangilio uleule. Usifute tangazo kwenye orodha yako hata kama kitufe cha kufuta kipo, maana ukilifuta wewe, anayepitia rufaa anaweza kukosa cha kuangalia.

Andika muda vizuri. Hapa watu hujikwaa sana. Ukiandika "saa mbili usiku", tafsiri ya mashine inaweza kuigeuza kuwa saa mbili ya mzungu, yaani saa nane za usiku wetu, na barua yako itapishana na rekodi yao kwa saa sita. Andika 20:14, kisha ongeza "saa za Afrika Mashariki". Tarehe nayo iandike kwa jina la mwezi, 3 Juni, kwa sababu 3/6 wengine huisoma tarehe sita Machi.

Je, kweli ni kosa lao?

Fungua kanuni yenyewe uisome yote, isiwe kichwa chake tu. Jiulize kanuni ile imewekwa kuzuia nini, kisha uangalie kama bidhaa yako imo. Barua ninayoifundisha hapa inafaa pale tu ambapo bidhaa haimo kabisa.

Nasema hivi kwa sababu wauza asali wengi huniletea kesi zinazofanana na hii kwa juu tu. Mtu ameandika "asali ya miombo, inatibu kisukari na vidonda vya tumbo", tangazo likafutwa chini ya kanuni ya madai ya kitabibu, naye anasema ameonewa. Hajaonewa. Asali ni halali, lakini dai aliloandika ndilo linalokatazwa. Huyo hahitaji rufaa. Anahitaji kuondoa dai na kufuata njia ya marekebisho. Akituma barua ya "mmekosea" wakati hawajakosea, anapoteza nafasi yake, na masoko mengi hutoa nafasi moja tu ya kupitiwa upya kwa kila uamuzi.

Mzinga wa nyuki ni habari nyingine. Hakuna sehemu yoyote ya kanuni ya silaha inayougusa. Hapo rufaa ina miguu.

Tafuta kilichoiponza mashine

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu huiruka, nami naiona kuwa nusu ya kazi yote. Ukiweza kumwonyesha mkaguzi ni kitu gani kilichosababisha kosa, umemrahisishia kukubali. Ukisema tu "mmekosea", unamwachia yeye kazi ya kutafuta, na hana muda huo.

Tangazo la fundi lilisomeka hivi:

```
Mzinga mpya wa kisasa, mbao ngumu, imara sana.
Unafaa kwa makundi makubwa. Sh 75,000.
Nipo Tabora mjini, natuma hadi Urambo na Kaliua.
```

Lisome tena ukijifanya hujui kwamba ni habari ya nyuki. Neno "nyuki" halimo hata mara moja. Mfugaji anajua kwamba kundi ni kundi la nyuki, lakini maandishi hayasemi. Tuliyabandika kwenye programu ya kutafsiri ya simu, tukaangalia Kiingereza chake, na neno la kwanza likatoka `cannon`. Fundi hakukijua Kiingereza hicho, nikamweleza: ameandika kwamba anauza silaha mpya ya kivita inayofaa kwa makundi makubwa ya watu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hata mimi ningelifuta."

Tukatazama picha. Ya kwanza haikuwa ya masanduku. Ilikuwa ya mizinga ya magogo, ile ya asili, imelazwa chini imepangana, imepigwa kutoka upande wa mdomo. Miviringo mieusi yenye shimo katikati. Ukiiweka picha hiyo pamoja na maneno yale, kosa linaeleweka lilikotoka.

Nawe fanya vivyo hivyo. Tafsiri kichwa cha habari, kisha maelezo. Angalia picha ya kwanza kama mgeni. Angalia na kundi la bidhaa ulilochagua: yeye alichagua "Vinginevyo", badala ya kilimo na mifugo, na hivyo akaondoa dokezo la mwisho ambalo lingeweza kumwokoa. Mara nyingi utakuta sababu ni moja kati ya hizi, au mbili zikishikana.

Barua iliyokataliwa

Sasa lile kosa la pili. Usiku uleule, kwa hasira, fundi alibonyeza kitufe cha rufaa akaandika:

"Ndugu wahusika, naomba radhi sana kwa kosa nililofanya, sitarudia tena. Mimi ni fundi masikini nina watoto wanne wanaonitegemea na ada za shule zimefika. Mizinga yangu ni mizuri na watu wote wanaifahamu. Mmeniharibia biashara. Naomba mnisaidie Mungu atawabariki."

Jibu la kukataliwa lilirudi baada ya dakika 11. Jibu linalokuja haraka namna hiyo, usiku, kwa maneno yaleyale ya ujumbe wa kwanza, kwa kawaida halijapitia macho ya mtu.

Hata kama angeisoma mtu, barua ile isingefika mbali. Imeanza kwa kukiri kosa. Kwetu kuomba radhi ni adabu ya kufungulia mazungumzo. Unaomba radhi hata kwa kumpita mtu mlangoni. Lakini kwenye rufaa, "nimekosa, sitarudia" ni ushahidi dhidi yako. Mkaguzi anayesoma kwamba muuzaji amekiri hana sababu ya kuendelea. Kisha barua inaeleza shida za nyumbani, ambazo ni za kweli na zinauma, lakini kanuni ya silaha haiulizi mtu ana watoto wangapi. Na lililo baya zaidi, imerudia "mizinga yangu" bila kueleza mzinga ni nini. Ukiitafsiri, fundi anajisifu kwamba silaha zake ni nzuri na zinafahamika.

Barua iliyokubaliwa

Soko lile lilikuwa na njia ya pili, kupitia ukurasa wa msaada, ambako unaweza kuandika kwa urefu na kuambatisha picha. Tuliandika hivi:

"Yah: Rufaa kuhusu tangazo namba [weka namba]

Tangazo hili lilifutwa tarehe 3 Juni, 20:14, saa za Afrika Mashariki, chini ya kanuni ya silaha, risasi na milipuko. Bidhaa si silaha. Naomba mtu anayejua Kiswahili alipitie upya.

Bidhaa ni sanduku la mbao la kufugia nyuki. Kwa Kiingereza huitwa beehive. Ndani ya sanduku kuna viunzi vya mbao vyenye upana wa milimita 32. Nyuki hujenga masega ya asali chini ya viunzi hivyo. Sanduku halirushi kitu chochote. Halina baruti wala risasi.

Nadhani kosa limetokana na neno 'mzinga'. Neno hili lina maana zaidi ya moja katika Kiswahili. Maana moja ni nyumba ya nyuki. Maana nyingine ni silaha kubwa ya kivita. Tangazo langu lilihusu nyumba ya nyuki. Picha ya kwanza inaonyesha magogo yaliyochimbwa ndani, ambayo ni nyumba za nyuki za asili.

Nimeambatisha: picha 1, sanduku likiwa wazi, viunzi vinaonekana, picha 2, sanduku likiwa juu ya mti, nyuki wakiingia, picha 3, ukurasa wa kamusi wenye maana za neno hilo, picha 4, ujumbe wa kufutwa.

Tarehe hiyohiyo niliweka tangazo hilo mara ya pili, nikidhani kulikuwa na hitilafu ya mtandao. Bidhaa ilikuwa ileile.

Naomba mambo mawili. Kwanza, tangazo lirudishwe. Pili, maonyo yote mawili yaliyowekwa kwenye akaunti yangu kwa sababu ya tangazo hili yaondolewe. Likirudishwa, nitaongeza neno 'nyuki' kwenye kichwa cha habari na kubadilisha picha ya kwanza."

Niieleze kidogo ilivyopangwa. Aya ya kwanza peke yake inatosha kwa mtu aliye na nusu dakika: tangazo lipi, lini, kanuni ipi, ninapinga nini, naomba nini. Anayetaka kujua zaidi anashuka chini.

Aya ya pili haitumii neno "mzinga" kabisa. Tulifanya hivyo makusudi. Neno lililoleta balaa huliingizi mpaka umeshaeleza kitu chenyewe kwa maneno yasiyo na maana mbili. "Sanduku la mbao la kufugia nyuki" haliwezi kutafsiriwa kuwa silaha. Ule upana wa kiunzi, milimita 32, ni kipimo kinachofuata nafasi ambayo nyuki wetu wa Kiafrika huachia sega moja hadi jingine. Kipimo mahususi kama hicho kinamwonyesha msomaji kwamba anayeandika anaijua kazi.

Sentensi ni fupi. Barua itasomwa kupitia tafsiri, na sentensi ndefu yenye "ambavyo" na "ambalo" tatu hutoka upande wa pili ikiwa imevunjika. Baada ya kuandika, tafsiri barua yote kwenda Kiingereza, kisha irudishe Kiswahili kwa programu ileile. Kinachorudi kikiwa kimepinda, andika upya sentensi hiyo. Sisi tulirekebisha moja: tulikuwa tumeandika "makundi makali ya nyuki hupenda mzinga huu", tukaiondoa kabisa.

Kuhusu lile tangazo la pili, fundi alitaka tulinyamazie. Nilimkatalia. Wao wanaliona kwenye rekodi, na usipolitaja wewe, wataliona kama jambo ulilolificha. Sentensi mbili bila kujilaumu zinatosha.

Ahadi ya mwisho ina tofauti ndogo na ile ya "sitarudia tena". Hatukusema tulikosa. Tulisema tutaongeza neno ili kosa lisijirudie upande wao. Na ombi la kuondoa maonyo usilisahau hata kidogo. Nimeona matangazo yakirudishwa huku onyo likibaki kwenye akaunti, na miezi baadaye mtu anafungiwa kwa sababu ya jumla ya maonyo ambayo mojawapo halikuwa halali.

Kisanduku kikiwa kidogo

Masoko mengi hayakupi nafasi ya barua. Unabonyeza `Request review` au `Appeal`, unapata kisanduku cha herufi chache, wakati mwingine bila sehemu ya picha. Hapo chukua aya ya kwanza, kiini cha ya pili na sentensi moja ya chanzo:

```
Tangazo [namba] lilifutwa 3 Juni chini ya kanuni ya silaha.
Bidhaa si silaha. Ni sanduku la mbao la kufugia nyuki,
kwa Kiingereza beehive. Neno "mzinga" lina maana ya
nyumba ya nyuki na pia silaha; tangazo ni la nyuki.
Naomba mtu anayejua Kiswahili alipitie, tangazo
lirudishwe na onyo liondolewe.
```

Iandike kwanza pembeni, kwenye sehemu ya kuhifadhi maandishi ya simu yako, ndipo uibandike. Mtandao ukikatika katikati ya kisanduku, unaanza upya, na mara nyingi unaanza kwa hasira.

Viambatisho

Picha ya sanduku lililo wazi ndiyo iliyobeba kesi. Tuliipiga mchana nje ya karakana, kifuniko kimeegemezwa pembeni, kiunzi kimoja kimenyanyuliwa nusu kikiwa na sega la zamani linaloning'inia. Yeyote aonaye sega anajua ni nyuki, awe amezaliwa Uyui au ng'ambo ya bahari. Ya kamusi tuliipiga kwa karibu, ukurasa mmoja, tukaweka mstari wa kalamu ya risasi pembeni ya neno. Ukiwa na risiti ya kuuzia mizinga, ambatisha. Usipokuwa nayo, usiitengeneze. Kitu kimoja cha kughushi kikigundulika, yote mengine hayaaminiki tena.

Kitambulisho cha taifa usikitume kama hujaombwa, na ukiombwa, kiombwe ndani ya akaunti yako kwenye soko lenyewe. Baada ya tangazo kufutwa, watu hupigiwa simu na wanaojiita wahudumu wa soko, wakitaka namba ya siri iliyotumwa kwa ujumbe ili "wakufungulie". Mpitia rufaa hahitaji namba hiyo. Kata simu.

Kusubiri, na jibu likiwa hapana

Tulituma siku ya Jumanne. Hatukutuma tena Jumatano. Kwenye mifumo mingi kila ujumbe mpya juu ya shauri lilelile hukurudisha nyuma ya foleni au hufungua shauri la pili linalochanganya la kwanza. Andika namba ya shauri kwenye karatasi, wape wiki nzima, ndipo uulizie kwa mstari mmoja ukitaja namba hiyo.

Ukikataliwa, soma jibu kwa makini. Likitaja kanuni ileile bila kugusa hoja yako, huenda hoja haikusomwa, jibu kwa swali moja tu: "Ni sehemu gani ya kanuni ya silaha inayohusu sanduku la kufugia nyuki?" Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa ujumbe uliokwisha kuandaliwa, hivyo mara nyingi humlazimu mtu afungue faili. Likitaja kanuni tofauti na ya kwanza, barua yako ya awali haitoshi tena. Rudi kwenye hatua ya kusoma kanuni, uanze na hiyo mpya. Na kama kweli milango yote ya soko hilo imefungwa, basi imefungwa. Uamuzi wa soko binafsi juu ya nani auze kwake si rahisi kuupindua kutoka Tabora, na sitamdanganya mtu kwamba barua ya tano itafanya kile ambacho nne zimeshindwa.

Ya fundi wetu ilijibiwa siku ya sita. Tangazo lilirudi na maonyo yote mawili yakaondolewa. Hatukuliacha lilivyokuwa. Tulilihamishia kilimo na mifugo, picha ya sanduku lenye sega ikawa ya kwanza, mizinga ya magogo ikaenda mwisho ikiwa imepigwa juu ya mti, na maandishi yakawa haya:

```
Mzinga wa nyuki, sanduku la mbao lenye viunzi.
Kwa ufugaji nyuki na uvunaji wa asali. Sh 75,000.
Nipo Tabora mjini, natuma hadi Urambo na Kaliua.
```

Tuliibandika kwenye programu ya kutafsiri kabla ya kuichapisha. Ikaandika `beehive`, na fundi akaniomba nimsomee neno hilo kwa sauti, mara mbili, ili alikariri.